Mdaiwa si mwenye deni

Mwaka jana, nilipokuwa natafuta pesa ya kumalizia kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilizunguka katikati ya mji wa Lubumbashi na bahasha kumi na moja. Kila bahasha ilikuwa ya kabine moja ya avoka. Ndani mlikuwa na barua ya kurasa mbili: mimi ni nani, nimesoma nini hapa Kasapa, najua lugha zipi. Niliambatanisha mfano wa kazi yangu, yaani kifungu cha 18 cha Katiba, kile kinachotaka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Nilikuwa nimekitoa katika Kifaransa na kukiweka katika Kiswahili. Chini kabisa niliandika: “Hati yoyote ndani ya saa 24.”

Hakuna aliyejibu. Nilidhani wanadharau Kiswahili, mpaka nilipopita tena kwenye kabine moja na sekretera, mama wa makamo, akaniambia kwa upole: “Mwanangu, hapa hakuna anayetafuta Katiba kwa Kiswahili. Metre anasoma Kifaransa, na mteja anaelezwa kwa mdomo. Kinachotusumbua ni hizi karatasi za Dar.”

Sikuwa nimefikiria Dar. Malori yenye shaba yanatoka kwetu, yanapita Kasumbalesa, yanavuka Zambia mpaka bandari ya Dar es Salaam, na bidhaa zinarudi kwa njia hiyohiyo. Penye mizigo pana ugomvi: kontena limechelewa, gharama za kuhifadhi hazikulipwa, wakala hajapata haki yake. Tangu 2021 sheria ya Tanzania imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa bado kuna hali ambamo Kiingereza kinaruhusiwa. Kwa hiyo karatasi ambayo zamani ingefika kwa Kiingereza sasa inaweza kufika kwa Kiswahili, na si Kiswahili cha Katuba. Avoka wetu anaisoma, anatambua karibu kila neno, na bado hajui ameombwa nini.

Nilitupa mfano wa zamani. Nilitunga aya moja ya maneno kama mia hivi, iliyofanana na hati ya madai ya kampuni ya usafirishaji, majina yote ya kubuni. Kushoto Kiswahili, kulia Kifaransa. Niliitunga kwa sababu karatasi ya kweli ya mteja ni siri. Ukimwonyesha avoka karatasi ya mteja wa mwingine, umemwambia kwamba kesho utaonyesha na ya kwake.

Metre aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaweka kidole juu ya neno moja. “Hapa umeandika kwamba kampuni hii ina deni. Hakimu ameshaamua?”

Neno lenyewe lilikuwa *mdaiwa*. Mimi, mwanafunzi wa isimu, nilikuwa nimelitafsiri kwa neno la Kifaransa la mtu mwenye deni. Nilikuwa na sababu. Kwetu, mtu akisema “nakudai”, maana yake una pesa yake. Hata magazeti ya Tanzania huandika “wadaiwa sugu” kwa watu wasiolipa mikopo. Lakini katika hati ya mahakama, *mdai* ni yule anayeleta madai tu, yawe ya kweli au ya uongo, na *mdaiwa* ni yule anayeletewa. Kifaransa cha tribinali kina neno lake kwa mtu wa namna hiyo, lenye maana ya anayejitetea. Mofolojia haikunidanganya: mzizi ni ule ule, kauli ya kutendwa ni ile ile. Nilichokosa ni kuuliza neno limeandikwa katika karatasi ya namna gani. Tafsiri yangu ilimhukumu mteja kabla ya kesi kuanza, na katika mfano ambao ulikuwa unaomba kazi.

Nilirudi nyumbani na aibu. Lakini sikulificha kosa, nililitumia. Katika mfano mpya niliongeza chini mistari miwili ikieleza kwa nini *mdaiwa* hapa si mwenye deni. Mfano wenye tafsiri tupu unamlazimisha avoka akuamini. Mistari ile miwili inamwonyesha mahali mtu mwingine angeanguka, naye anaweza kuhakikisha mwenyewe.

Ikabaki ahadi ya saa 24. Nilikaa na saa mkononi nikapima. Kwa karatasi za aina hii, ambamo kila istilahi inachunguzwa, ninamaliza maneno karibu 900 kwa siku. Hati ya kurasa saba ina maneno karibu 2,100. Hizo ni siku mbili na zaidi kidogo, halafu mwenzangu wa darasa anahitaji nusu siku ya kulinganisha tafsiri na hati, hasa tarehe, pesa na majina. Ukiongeza siku moja ya akiba kwa ajili ya umeme kukatika, unapata siku nne. Ahadi yangu ya kwanza ilikuwa uongo, na avoka, ambaye anaishi kwa kuhesabu siku, aliuona mara moja.

Barua ya mwisho ilikuwa fupi hivi:

“Ninatafsiri hati za mahakama za Tanzania kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Mfano uko nyuma ya barua hii. Kurasa 1 hadi 3: siku mbili za kazi. Kurasa 4 hadi 8: siku nne. Zaidi ya hapo tunapatana kwanza. Siku zinaanza kuhesabiwa pale ninapothibitisha kwamba kurasa zote zimefika na zinasomeka. Tafsiri hii ni ya kukusaidia kufanya kazi. Ikiwa itawekwa mbele ya tribinali, ipite kwa mtafsiri aliyeapishwa.”

Kabine mbili zilinirudisha kwa sababu ya sentensi ya mwisho. Sikuiondoa.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa Metre yule yule: kurasa saba zilizopigwa picha kwa simu. Huko Tanzania, aliyepokea wito wa kuleta utetezi wa maandishi ana siku 21. Kumi na mbili zilikuwa zimekwisha. Nilipofungua picha nikaona ukurasa wa tano umekatwa chini, mistari minne haipo. Ningeweza kuanza na kuuliza baadaye. Niliandika saa ileile kwamba siku hazijaanza kuhesabiwa. Picha kamili ilifika kesho yake asubuhi, na katika mistari ile minne ndimo ilimokuwa aya ya gharama za kuhifadhi kontena, pamoja na tarehe zake.

Nilitoa kazi siku ya tatu. Zikabaki siku tano kwa Metre kumpa maelekezo mwenzake wa Dar. Aya ile ilidai pesa za siku ambazo kampuni ilikuwa na karatasi ya kuonyesha kontena limeshatoka bandarini. Sijui kesi iliishaje, na si kazi yangu kuuliza.

Juma lililofuata sekretera aliniita kuchukua malipo. Juu ya meza yake kulikuwa na bahasha nyingine kutoka Dar, imefunguliwa. “Hii ina kurasa tisa,” akasema. Nikamwambia kwamba kwa tisa inabidi tupatane kwanza. Akacheka, akaenda kumwita Metre.