Saa ya mkutano na watu wa zamu ya usiku

Wandugu na wadada wa kikundi, leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho watu wanaona ni kidogo: saa ya mkutano. Sisi tunaojitolea kwenye vituo vya afya hapa kambini Uganda, wengi tunafanya kazi kwa zamu. Mkutano ukiwekwa saa mbaya, siyo tu kwamba watu wanachelewa. Kuna watu ambao hawatasikika kabisa, na mara nyingi ni wale wale, wa usiku.

Kwenye kituo chetu tuko watu 14: wakunga, wasafi, walinzi, na sisi wa kutafsiri. Zamu ya asubuhi inaanza saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, iko na watu 6. Zamu ya jioni inapokea saa 8 mchana mpaka saa 2 usiku, watu 4. Zamu ya usiku inakaa masaa 12 mazima, saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi, nayo iko na watu 4. Mkutano wa kila wiki ulikuwa saa 4 asubuhi. Hiyo saa ilichaguliwa kwa sababu wafanyakazi wa shirika wanafika na gari asubuhi, na jioni saa 11 gari inarudi mjini. Kwao ilikuwa sawa kabisa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Siku moja mkutano uliamua kwamba funguo ya stoo itakuwa inabaki kwa msimamizi nyumbani kila jioni, kwa sababu vitu vilikuwa vinapotea. Mtu wa usiku hakuwepo hata mmoja, wote walikuwa wamelala. Wiki ile ile, mama mmoja akaletwa usiku na uchungu wa kuzaa. Glavu kwenye boksi zilikuwa zimeisha, zingine ziko stoo, stoo imefungwa. Mlinzi akakimbia kumuamsha msimamizi, kwenda na kurudi karibu nusu saa. Mtoto alizaliwa salama, Mungu asifiwe. Lakini mkunga alituambia asubuhi, "Vijana wangu, nyie mnakutana mchana, halafu mnaamua usiku wetu."

Watu wengine walisema, basi watu wa usiku wabaki kidogo wakitoka kazini, ni masaa mawili tu. Tuhesabu pamoja. Mtu wa usiku anatoka saa 2 asubuhi, anatembea nyumbani, anaoga, anakunywa uji, analala kama saa 4. Jua likipanda, ndani ya nyumba ya turubai au bati kunakuwa kama jiko, na watoto wa majirani wanacheza nje. Akibahatika anaamka saa 9 mchana. Kutoka saa 9 mchana mpaka saa 2 asubuhi anapotoka kazini, amekaa macho masaa 17. Mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia walipima watu waliokaa macho masaa 17 hivi. Wakakuta mkono na jicho vinashirikiana vibaya sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kuendesha gari. Ikifika saa 4 asubuhi, ni masaa 19. Kwa hiyo yule mkunga mnayemuona kwenye benchi anaitikia "ndiyo, ndiyo", hajakubali chochote. Anasinzia tu. Na usiku unaofuata atarudi kwenye kitanda cha wazazi na usingizi wa nusu.

Njia tuliyotumia ni ya kalamu na karatasi. Chora mstari mmoja kwa kila zamu, ugawe masaa 24. Watu wengi wanaweka alama ya masaa ya kazi peke yake, halafu wanasema kwamba mtu wa usiku "yuko free" mchana. Hapo ndipo inaharibika. Weka alama mbili: masaa ya kazi na masaa ya kulala. Usingizi wa mtu wa usiku saa 6 mchana ni sawa na wako wa saa 6 usiku. Ukishaweka hizo alama mbili, tafuta saa ambayo watu wengi wako macho na hawako kazini.

Kwetu, saa 4 asubuhi ilitoa hesabu hii: zamu ya jioni wote 4 wako huru, zamu ya asubuhi watu 3 wanaweza kutoka huku 3 wakibaki na wagonjwa, na wa usiku hakuna. Jumla 7. Tukaangalia saa 8 mchana, pale zamu zinapopokezana. Asubuhi na jioni wote wako pale, lakini wa usiku bado yuko katikati ya usingizi. Tukaangalia saa 10 jioni. Asubuhi wote 6 wameshapumzika kidogo, usiku wote 4 wameamka, na jioni watu 2 wanatoka, 2 wanabaki kazini. Jumla 12.

Wale 2 wanaobaki, wiki inayofuata ndio wanaingia mkutanoni na wenzao wanabaki. Hakuna saa inayomfaa kila mtu, hiyo msiitafute. La muhimu ni kwamba anayekosa asiwe yule yule kila wiki.

Saa 10 jioni nayo iko na shida zake. Wamama wanataka kwenda kupika na kuteka maji, na saa 1 usiku giza linaanza kuingia. Kwa hiyo mkutano wetu ni saa moja tu: saa 11 kamili watu wanatawanyika, na dada zetu wanafika nyumbani kukiwa na mwanga. Na mtu wa shirika? Tulimwambia aje mara moja kwa mwezi, aondoke nusu saa kabla ya mwisho awahi gari. Mambo yake tunayaweka mwanzo.

Tuliongeza pia sheria moja: jambo la usiku haliamuliwi bila mtu wa usiku kusema. Kama wa usiku wote hawapo, linasubiri wiki nyingine. Suala la funguo lilirudishwa hivyo. Sasa funguo inabaki kituoni, mkunga anampokeza mkunga, na wanatia sahihi kwenye daftari.

Mwisho, jinsi ya kuandika saa yenyewe. Hapa kambini ukisema "saa 10", aliyesoma kwa Kiingereza au Kifaransa anaweza kuja saa 4 asubuhi, kwa sababu kwake hiyo ndiyo kumi. Tena wanaokaa karibu na mpaka, simu ikishika mtandao wa Kongo inarudi nyuma saa moja, maana Bukavu na Goma ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Sisi tunaandika hivi: "Alhamisi, saa 10 jioni, simu inaonyesha 16:00, saa ya Uganda." Na ujumbe tunautuma baada ya saa 9 mchana, simu isije ikamuamsha mtu.

Zamu zikibadilishwa, hesabu hii inakufa. Kila mwezi ratiba mpya ikibandikwa ukutani, tunachora karatasi upya kabla hatujatangaza mkutano.