Pakiti ya Chumvi ya Shangazi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ipelele, huku juu Makete, ambako hata saa nne asubuhi unavaa sweta mbili. Shangazi anasoma darasa la watu wazima, akaniambia nimsindikize kwa kuwa siku hiyo muuguzi wa zahanati angekuja kuongea habari za presha. Nikaenda nikijua najua. Si ndiyo sisi wa chuo!

Muuguzi alianza kwa kuuliza dalili. Watu wakataja: kichwa kuuma, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Akasema hizo zinaweza kuja, hasa presha ikiwa juu sana, ila wengi hawasikii chochote kwa miaka, na wengine wanakuja kujua siku mdomo umepinda na mkono hauinuki. Kwa hiyo yule anayesema "nikiisikia presha nitameza kidonge" anasubiri kitu ambacho huenda kisije.

Dalili ya kuaminika ni kipimo tu, na hapo ndipo nilipojifunza. Shangazi alikuwa ndio kwanza amepanda kilima, akapimwa juu ya sweta: 172 kwa 104. Nikashtuka. Muuguzi wala hakuandika. Alimwambia avue sweta mkono ubaki wazi, aegemee kiti, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akae dakika tano bila kuongea. (Shangazi kunyamaza dakika tano, hiyo nayo ni habari.) Ikasoma 158 kwa 96. Hata hivyo akamwambia siku moja haitoshi, arudi. Wiki iliyofuata ikawa 154 kwa 94. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha. Akaanzishiwa dawa, ya kumeza kila siku, ajisikie vizuri asijisikie.

Kisha akamuuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, pakiti ya chumvi ya nusu kilo inakaa siku ngapi kwako?" Wiki moja. Mko wangapi? Watano. Nikapiga hesabu kwenye simu: gramu 500 gawa kwa siku 7, gawa kwa watu 5, ni kama gramu 14 kwa mtu kwa siku. Mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku. Ni kweli nyingine inamwagwa na maji ya kuchemshia viazi, lakini bado. Kwa kipimo hicho pakiti ingekaa siku 20.

Shangazi akabisha kwamba viazi bila chumvi ni chakula cha mgonjwa. Muuguzi akamwambia apunguze kidogo kidogo, ulimi utazoea baada ya wiki chache, na ile ya kunyunyizia mezani aiondoe kabisa.

Jana nimempigia simu. Pakiti iko siku ya 12, na mjomba bado ananuna.