Karo ya Mdogo Wangu

Mama huuza nyanya hapa Kampala. Karo ya mdogo wangu ni shilingi 480,000 kila muhula. Mwaka jana niligawa karo ya mwaka, 1,440,000, kwa wiki 52, nikapata kama 27,700. Tukaanza kuweka Februari, baada ya kulipa muhula wa kwanza kwa mkopo.

Mwishoni mwa Mei, wiki 16 baadaye, tulikuwa na 443,200. Mdogo wangu akarudishwa nyumbani kwa 36,800. Kosa langu: mihula haikupangwa kwa nafasi sawa. Sasa tunaweka 30,000 kwa wiki hadi Mei, vivyo hivyo hadi Septemba, kisha 24,000 kwa wiki 20 hadi Februari. Sanduku anatunza shangazi. Mimi niliwahi kuchota nauli humo.