Paipu Iliyonyamaza

Mwaka kabla niache chuo, niliandika ripoti ya asubuhi ya mvuvi wa kwetu Usenge, aliyelazwa Kisumu katika wodi ya mahututi, mbavu zimevunjika.

Ripoti hiyo huanza na matukio ya usiku, halafu hupita mwilini: ubongo, mapafu, moyo, figo, tumbo, damu. Paipu zote nilizikusanya mwishoni, kila moja na siku zake. Safi kabisa, nikadhani.

Kwenye mapafu niliandika: mashine inampa pumzi 16 kwa dakika, mililita 400 kila pumzi, presha ya juu 36. Jana presha ilikuwa 24. Mbali huko chini: paipu ya kifuani, jana mililita 250, usiku sufuri. Nikaongeza, “Imekauka, itolewe.”

Daktari alisoma mistari hiyo miwili pamoja. “Sasa wewe, damu imeisha ama imekosa njia?”

Tukaangalia chupa. Maji hayakuwa yakipanda na kushuka na pumzi. Tukafunua shuka: mzee alikuwa amegeuzwa saa tisa usiku (nilijua, lakini kugeuzwa nani huita tukio?) na paipu ilikuwa imekunjika chini ya mgongo. Ilipokunjuliwa ikamwaga mililita 300, presha ikarudi 25.

Baada ya hapo paipu ya kifuani niliiandika chini ya mapafu, ya mkojo chini ya figo. Orodha ya siku niliiacha mwishoni, ili tukumbuke kuzitoa.