Kopo la Biskuti

Miaka ile mitambo ya umeme wa gesi ilipokuwa ikijengwa Kinyerezi, kufika huko kulikuwa safari. Konda anaapa siti zipo, unaingia, unasimama mguu mmoja mpaka Segerea. Ukishuka, vumbi limekukaa hadi kwenye kope. Nilikuwa wakala wa bima, na siku hiyo mkobani nilikuwa na barua ya kukataa madai ya mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Barua ingeweza kupelekwa na tarishi. Sikutaka aisome peke yake.

Mama alikuwa kwenye eda, ile miezi 4 na siku 10, basi nilikaa mkekani na shemeji yake, yeye akiwa nyuma ya pazia. Nyumba ya eda haifukizwi udi. Harufu ilikuwa ya chai ya tangawizi tu. Akatusukumia kopo la biskuti chini ya pazia. Marehemu alikuwa ametunza humo karatasi zake zote za mshahara.

Tukazipanga mkekani mwezi kwa mwezi. Kila moja ilikuwa na makato ya bima, shilingi 15,000, mpaka Machi. Machi karakana alikofanya kazi ilipunguza watu. Mshahara ulipokoma, makato nayo yakakoma, na hakuna aliyemwambia kwamba sasa alipe mwenyewe dirishani. Mkataba ulimpa siku 30 za kusubiriwa. Angefariki ndani ya siku hizo, mama angelipwa, wakikata deni la mwezi mmoja tu. Hata baadaye angeweza kuifufua bima kwa kulipa malimbikizo na kujaza fomu ya afya. Alifariki Agosti, akiamini bado ana bima.

"Kwa hiyo, baba, miaka sita yote imepotea?"

Nikamwambia ile haikuwa bima ya akiba, ambayo ikishakaa miaka kadhaa huwa na kitu cha kurudishwa hata ukiacha kulipa. Ile ilikuwa ya kifo tu. Ni kama mlinzi wa usiku: mwizi asipokuja, mshahara wake haurudi.

Shemeji akauliza, "Na nyie mbona hamkumpigia?"

Orodha ya malipo ilinifikia kila mwezi. Jina lake halikuwemo Aprili, nami sikuisoma. Nikawaambia hivyo hivyo. Kisha nikamwandikia mama malalamiko ya kupeleka kwenye kampuni, nikamweleza kwamba wakishikilia msimamo aende TIRA, wasimamizi wa bima, na barua ya kukataliwa asiipoteze. Sikumwahidi kitu.

Siku hizi jibu la namna hiyo huja kwa ujumbe wa simu, mtu yuko sokoni anachagua nyanya. Ni haraka, na mambo hayo hayarudi nyuma. Lakini nani atakaa naye mkekani ahesabu miezi?

Nilipotaka kuondoka na karatasi ya Machi kama kielelezo, mama akasema, "Hiyo niachie. Ina saini yake." Nikainakili kwa mkono, nikairudisha koponi, nikalisukuma chini ya pazia.