SEHEMU YA 6: "Mzigo uko njiani" si tarehe

Wiki iliyopita niliahidi kuwaeleza tulivyomwandikia msambazaji aliyechelewesha mzigo wetu bila kumtukana na bila kumbembeleza. Kaa na uji wako, nakuhadithia.

Ilikuwa Machi 2025, wodi ya watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 mara nyingi hawezi bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Mama yake anakamua maziwa, sisi tunayapitisha kwenye mpira mwembamba unaoingia puani au mdomoni hadi tumboni. Mipira hiyo ina saizi. Kwa wadogo wetu wengi tunatumia namba 6. Namba 8 ni mnene zaidi, na ukimwekea puani mtoto wa kilo moja na nusu unamzibia njia ya hewa, maana kichanga anapumua zaidi kwa pua.

Tulikuwa tumeagiza mipira 200 ya namba 6 na 100 ya namba 8. Ijumaa tarehe 14 naangalia kabati, namba 6 inakwisha na mzigo haujafika. Nikampigia msambazaji. "Dada usijali, mzigo uko njiani." Jumamosi nikapiga tena: "Uko njiani dada yangu." Jumapili ndiyo hivyo hivyo. Wewe mwenzangu umeshawahi kuambiwa hivyo na fundi wa sare za shule, unajua ninachosema. Jibu hilo linakutuliza kwa dakika tano, halafu unakata simu na huna chochote mkononi. Siyo leo, siyo kesho, siyo Alhamisi.

Jumapili usiku nikaandika barua pepe ndefu yenye hasira. Nimesema wamevunja makubaliano, hawajali watoto, tutafuta oda. Jumatatu asubuhi nikampelekea afisa ugavi wetu aitume. Kaka yule akasoma, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Sista, tulikubaliana lini hasa?"

Nikasema tarehe 14. Akafungua faili. Makubaliano yalisema "ndani ya siku 10 za kazi baada ya kupokea oda". Oda waliipokea Jumatatu tarehe 3. Hesabu inaanza Jumanne tarehe 4, ukiruka Jumamosi na Jumapili, siku ya kumi inaangukia Jumatatu tarehe 17. Yaani siku hiyo hiyo tuliyokuwa tumekaa pale! Ningetuma barua yangu, wangejibu kwa mstari mmoja tu kwamba hawajachelewa, na wangekuwa sahihi. Baada ya hapo hata ukiwa na haki, unaonekana mgomvi.

Akanipa na somo la pili. "Hili la kufuta oda, wewe una mamlaka nalo?" Sina. "Basi usilitaje. Mtu akigundua unatishia kitu usichoweza kukifanya, barua yako ya pili haitasomwa." Kisha akaniomba nimletee kitu kimoja tu: hesabu ya kabati.

Nikahesabu. Tulikuwa na watoto 12 wanaotumia namba 6. Wodini kwetu tunabadilisha mpira kila baada ya siku tatu, kwa hiyo ni mipira 4 kwa siku. Ongeza mmoja, maana kuna mtoto lazima atauvuta kwa mkono wake mdogo. Ni 5 kwa siku. Jumanne asubuhi kabati lilikuwa na 35. Gawanya: siku 7. Mwisho wetu ulikuwa Jumatatu tarehe 24.

Jumatatu ile ikapita, mzigo haukufika. Jumanne saa 3 asubuhi tukaandika upya, akatuma yeye kwa jina la ofisi yake, nakala kwangu. Ilikuwa hivi:

*Kichwa: Oda namba 0217 – mipira ya kulishia haijafika, tunaomba tarehe*

*Ndugu,*

*Habari za asubuhi. Tunafuatilia oda namba 0217 mliyoipokea tarehe 3 Machi. Tulikubaliana ifike ndani ya siku 10 za kazi, yaani hadi jana tarehe 17 Machi. Hadi asubuhi hii stoo yetu haijapokea kitu.*

*Mipira namba 6 iliyobaki wodini inatosha hadi tarehe 24 Machi. Baada ya hapo hatutakuwa na saizi sahihi kwa watoto wadogo.*

*Tunaomba mipira 50 ya namba 6 itufikie kabla ya Alhamisi tarehe 20 Machi, na iliyobaki hadi Jumatano tarehe 26. Namba 8 inaweza kufuata baadaye.*

*Tafadhali tuthibitishieni kwa maandishi leo kabla ya saa 10 jioni. Kama tarehe hizo haziwezekani, tuambieni, ili hiyo 50 tuinunue kwingine na kuipunguza kwenye oda yenu.*

*Tunashukuru kwa ushirikiano wenu.*

Basi. Hakuna "mmetusikitisha sana", hakuna "kwa nini". Nilitaka sana kuuliza kwa nini. Kaka akaniambia ukiuliza sababu utapewa sababu: gari limeharibika, bandarini kuna foleni, mhusika amefiwa. Utabaki na sababu nzuri na kabati tupu. Uliza tarehe na idadi. Sababu itakuja yenyewe.

Na kweli ilikuja. Saa 8 mchana wakajibu. Kumbe namba 6 zote 200 zilikuwa stoo kwao tangu wiki iliyotangulia! Kilichokosekana ni namba 8, na mtu wao wa mizigo alikuwa anasubiri oda ikamilike ili asafirishe mara moja. Hakuna aliyemwambia kuwa sisi tunaihitaji ile nyingine kwanza. Mimi katika simu zangu zote tatu nilikuwa nasema "mzigo wetu", sikuwahi kutaja saizi.

Boksi la namba 6 lilikuja na basi la Jumatano usiku. Tulipolifungua kabati lilikuwa na 25. Namba 8 ilifika tarehe 28, siku waliyoiandika wenyewe, na stoo ikapokea kwa kuhesabu kabla ya kusaini. Siku hiyo binti mmoja aliyezaliwa na gramu 1,400 alikuwa ameanza kulamba maziwa kwenye kikombe. Mama yake aliyekuwa anakamua kila baada ya saa tatu hakujua lolote kuhusu oda 0217, na haikumpasa kujua.

Najua wengi wenu mna biashara ndogo, au mmetoa oda ya kitanda cha mtoto na fundi anawazungusha. Fundi hana barua pepe, mwandikie ujumbe wa simu, ila mpangilio ni huo huo. Kabla hujaandika, soma upya mlichokubaliana na uhesabu siku kwa kidole. Halafu mwambie: tulikubaliana siku fulani, haijafika, naihitaji kufikia siku fulani kwa sababu hii, anza na kipande hiki, nijibu leo kabla ya saa fulani. Mwishoni sema utakachofanya asipoweza, na kiwe kitu unachoweza kukifanya kweli.

Akikujibu "iko njiani", usigombane naye. Mjibu kwa upole: "Ahsante fundi. Itafika siku gani?"

Sehemu ya 7 nitaeleza tulivyopanga kabati letu ili tusifike tena kwenye siku saba za mwisho. Usiku mwema, naingia zamu.