Amegenishwa na nani?

Kuna sura moja ya Karl Marx imenikalia miezi miwili. Si ndefu. Aliiandika Paris mwaka 1844 akiwa na miaka 26 hivi, kwenye madaftari yaliyochapishwa 1932, yeye mwenyewe akiwa ashakufa karibu miaka hamsini. Inauliza kwa nini mtu anayefanya kazi zaidi anabaki na kidogo zaidi, na kwa nini kile alichokitengeneza kinamgeukia kama kitu cha mtu mwingine.

Mbona niitafsiri? Kwa sababu mbogi yetu ya kusoma hukutana Jumapili hapa Spring Valley, kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba moja karibu na Peponi Road (ndiyo, barabara inaitwa hivyo, na wengi wanaopita hapo saa kumi na mbili asubuhi wanatoka Kangemi kwa mguu). Tuko sita: wanafunzi watatu wa chuo, dada mmoja wa kazi, fundi wa mawe, na soja wa geti. Tulipoisoma hiyo sura kwa Kiingereza, wanafunzi waliongea, wengine wakanyamaza. Na sura inawahusu hao walionyamaza. Nikasema basi, naileta kwa Kiswahili.

Nikadhani shida itakuwa sentensi ndefu. Wapi! Sentensi unaweza kuzikata. Shida ni majina ya dhahania, yale ya mambo usiyoweza kuyagusa. Yanarudi kila mstari, moja limezaliwa na lingine, na ukibadilisha moja ukurasa wa tatu umevunja hoja ya ukurasa wa tisa.

Si eti Kiswahili hakijawahi kufanya hii kazi. Frantz Fanon alitafsiriwa Tanzania, kitabu kikaitwa Viumbe Waliolaaniwa, kazi ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, 1978. Na cheki maneno ya siasa ya enzi za Ujamaa. Bepari alikuwa mfanyabiashara tu, neno lenye asili ya Kigujarati. Ndiyo maana Nyerere alipotafsiri ile tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Beberu ni mbuzi dume. Mnyonyaji ni mtu anayenyonya. Unachukua kiumbe ambaye watu wanamjua sura, unamvalisha u- mbele, unapata ubepari, ubeberu, unyonyaji. Ujanja wao ulikuwa huo: jina la dhahania lenye uso wa mtu ndani yake.

Neno langu gumu ndilo lile linalobeba sura yote: hali ya mfanyakazi kutokuwa mmoja tena na kazi yake. Kamusi zilinipa utengano. Wahakiki wa fasihi wana ukengeushi. Nilijaribu yote mawili.

Utengano lina -ana ndani, na -ana ni ya watu wawili wanaofanyiana: kupendana, kupigana, kutengana. Mume na mke wanatengana. Mfanyakazi na simiti hawatengani, hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Halafu waliosoma riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya 1980 shuleni wakisikia Utengano wanaingia kwa ndoa na familia moja kwa moja. Nikijaribu kutengwa, napata "jamii zilizotengwa", lugha ya serikali kuhusu watu wasio na barabara na hospitali. Hilo ni jambo la kweli, lakini ni jambo lingine. Ukengeushi nao unamlaumu mtu. Aliyekengeuka kwa masikio ya Nairobi ni kijana aliyeacha njia, na mama yake anaombewa kanisani. Siwezi kumwambia dada aliyefua nguo za watu kuanzia Jumatatu kwamba amekengeuka.

Nikarudi kwa Kijerumani, nikisaidiwa na mwenzangu anayekisoma. Kumbe Marx anatumia maneno mawili karibu-karibu. Moja lina mzizi wa "nje", linabeba wazo la kutoa kitu kwako na kukiachia mwingine. Lingine, ndilo kubwa, lina mzizi ule ule wa "-geni". Na akisema bidhaa inasimama mbele ya mfanyakazi kama kitu kigeni, ni mzizi huo huo tena. Msomaji wa Kijerumani anausikia kama ngoma. Ningeandika utengano hapa na kitu kigeni pale, ngoma ingekatika.

Basi: -geni. Kiswahili kinaruhusu kugeuza sifa au jina kuwa kitendo kwa -isha. Fupi, fupisha. Safi, safisha. Benki za Tanzania zilipochukuliwa na serikali Februari 1967, zilitaifishwa. Baadaye mashirika yakarudi kwa watu na neno likawa kubinafsisha. Kwa hivyo genisha: kukifanya kitu kiwe kigeni kwa mwenyewe. Kazi iliyogenishwa. Linakwaruza sikio mara ya kwanza, sikatai. Taifisha nalo lilikwaruza mtu siku moja.

Nilikuwa na wasiwasi na jambo moja: mgeni kwetu ni mtu wa heshima, anapikiwa. Ugeni si ubaya. Fundi wa mawe ndiye alinitoa wasiwasi bila kujua. Alitueleza vile alijenga ukuta wa nyumba moja huku juu, miezi minne, kila jiwe anajua lilipo. Aliporudi kudai salio la pesa yake, aliambiwa asimame getini, aache kitambulisho, na aandike jina kwenye kitabu cha wageni. Ukuta ni wake kwa mikono, na yeye ni mgeni kwa ukuta. Sikuhitaji mfano mwingine.

Ukishapata mzizi, kazi haijaisha. Neno la nadharia huja na familia, na lazima uijaribu familia yote kabla ya kuoa. Kitendo kipo? Genisha. Kutendwa? Genishwa. Sifa? Iliyogenishwa, kigeni. Jina? Hapo ndipo nilisimama wiki mbili.

Mkono unakimbilia u-: ugenishaji. Linasikika kisomi, linafanana na yale ya Kiingereza. Lakini ngoja. Sura hii imejaa u-: umiliki, utajiri, uhuru, uzalishaji. Na yote yana upatanisho mmoja. Angalia sentensi niliyojitungia kujaribu:

"Umiliki unafuata ugenishaji wa kazi, ingawa mwanzoni unaonekana ndio chanzo."

Nini kinachoonekana chanzo? Umiliki au ugenishaji? Sarufi haikwambii. Na hapo si mahali pa kuchezea, maana hoja ya Marx iko papo hapo: watu hudhani umiliki ndio uliozaa hali ya mfanyakazi, yeye anasema kwanza ni kinyume, umiliki ni tunda, kisha baadaye vinalishana. Sasa weka ku-:

"Umiliki unafuata kugenishwa kwa kazi, ingawa mwanzoni unaonekana ndio chanzo."

Imeeleweka. "Unaonekana" ni umiliki peke yake, maana kugenishwa kungedai "kunaonekana". Kiswahili kina ngeli ya ku- ambayo tayari ni jina, inabeba kitendo kizima ndani, na sisi tunaiacha nje kwa sababu haina suti. Tangu hapo sheria yangu ni hii: hali zinazodumu zinapata u-, matukio yanapata ku-.

Ila ku- ina bei yake. Inakulazimisha uchague. Kikombe kimevunjika, au kimevunjwa? Kila Mswahili anajua tofauti: cha kwanza hakina mkosaji, cha pili kuna mtu jikoni anaangalia chini. Jina la dhahania la Kiingereza linaficha mkosaji bila jasho. Mimi lazima niseme: kazi imegenika, au imegenishwa?

Nikachagua -wa, nikapeleka kurasa mbili za kwanza Jumapili. Tumefika aya ya pili, soja akainua mkono. "Kijana, hapa umesema amegenishwa. Na nani?"

Wanafunzi wakacheka. Mimi nikanyamaza, kwa sababu Marx mwenyewe anauliza swali hilo, lakini karibu na mwisho wa sura. Anauliza: kama tunda la kazi si langu, ni la nani? Si la miungu, si la maumbile. Ni la mtu mwingine. Anaijenga polepole ili hilo jibu likigonga, ligonge. Na -wa yangu imelipenyeza swali mlangoni.

Mmoja wa wanafunzi akataka niweke -ka mwanzoni, halafu nibadilishe kuwa -wa baada ya jibu. Ni wazo zuri, kwa kweli. Nililikataa. Msomaji akiona maneno mawili atadhani ni mambo mawili, na sura hii tayari ina jozi moja ya maneno yanayofanana. Nimebaki na -wa kote. Mzee alikuwa amesubiri jibu kurasa nyingi, na ukweli ni kwamba alisoma kwa hamu kuliko sisi wote.

Kuhakikisha sibadiliki njiani, nina jedwali. Neno, chaguo langu, familia yake, na safu ya nne ndiyo muhimu: maneno yaliyopigwa marufuku. Kwa -geni, marufuku ni tenga na kengeuka. Rasimu ikiisha napiga Ctrl+F. Usitafute neno zima, Kiswahili hubandika viambishi pande zote. Ukitafuta "kugenishwa" utakosa "yaliwagenisha". Tafuta mzizi, "geni", halafu tafuta "teng" uone wapi ulisinzia. Nilipata mara nne. (Na "tengeneza" mara thelathini, hiyo ni kawaida.)

Mali ya binafsi nayo ilinipiga chenga. Ukisema hivyo watu wanashika simu zao mfukoni, na ukisema ubinafsi umehamia kwenye uchoyo. Nikaweka umiliki wa kibinafsi, kwa sababu kinachosemwa ni uhusiano kati ya watu, wala si vitu. Dada wa kazi bado anasikia uchoyo ndani yake. Nimeongeza sentensi moja ya maelezo mahali linapotokea mara ya kwanza, basi.

Lililobaki ni lile la binadamu kama jinsi ya viumbe, yule anayeweza kutengeneza kitu hata asipokuwa na njaa, hata kwa sababu ya uzuri tu. Kila mtu ananiambia weka utu. Utu ni neno tamu mno. Mtu mwenye utu ni mwema, anasalimia, na Marx hapa hazungumzii tabia njema. Ubinadamu una tatizo hilo hilo, kidogo tu. Nimeliandika kwa penseli kwenye jedwali, na safu ya marufuku bado iko wazi. Fundi anasema jibu ni "ufundi". Nilimwambia hapana, halafu nikalala nikilifikiria.